Kombora la balistiki na la kruzi: lipi gumu kulizuia? Njooni kwa hoja

TandaleKwaTumbo #1

Habari wakuu.

Tangu juzi tunabishana kijiweni. Mimi nashikilia kwamba balistiki ni kombora la masafa marefu na kruzi ni la masafa mafupi, basi. Jamaa yangu anasema nimepotea njia. Akanitolea mfano wa usiku wa Aprili 13 kuamkia 14, 2024, Iran iliporusha kuelekea Israel droni kama 170, kruzi zaidi ya 30 na balistiki zaidi ya 120. Hesabu hizo ni za jeshi la Israel lenyewe. Kwa maelezo yao, droni na kruzi hakuna hata moja lililovuka mpaka, ila balistiki machache yalipenya yakapiga kambi ya anga ya Nevatim. Akahitimisha: kruzi ni rahisi kulizuia.

Mimi nikamrudisha Septemba 14, 2019, Abqaiq kule Saudia. Pale hakuja balistiki hata moja, zilikuja droni na kruzi tu. Nchi ina Patriot za kudungulia makombora za kutosha, lakini mitambo ya mafuta ikapigwa na karibu nusu ya mafuta ya Saudia ikasimama, mapipa milioni 5.7 kwa siku. Sasa hiyo rahisi iko wapi? Wajuzi tusaidieni.

FundiMajokofu #2

Mkuu, chukua embe ulirushe kwa nguvu. Likishatoka mkononi huna lako tena, linapanda, linafika kilele, linashuka. Hilo ndilo balistiki. Roketi inawaka dakika moja au mbili, inazima, safari iliyobaki ni mvutano wa dunia tu. Kruzi ni ndege ndogo isiyo na rubani: ina mabawa, injini inawaka safari nzima, inakata kona, inafuata bonde.

Kwa hiyo balistiki halina usukani kabisa, linaanguka popote Mungu anapopenda. Kruzi linaingia dirishani.

Mkokotoaji #3

Fundi, aya ya kwanza nakuunga mkono, ya pili hapana. Balistiki huongozwa kwa makini sana roketi inapowaka, kwa sababu kosa dogo la kasi au la pembe pale juu linazaa mamia ya mita huku chini. Na mengi ya siku hizi yana mapezi kwenye kichwa ya kurekebisha njia linaposhuka. Nitalirudia hilo baadaye, kwa sababu ndilo linalowanyima usingizi watu wa ulinzi.

Mleta uzi, hoja yako ya masafa haisimami. Scud-B ya Kirusi ni balistiki, uzito wake karibu tani 6, na masafa yake ni kilomita 300. Tomahawk ni kruzi, haifiki tani 2, na inakwenda kilomita 1,600. Utasema ndogo imeishinda kubwa vipi? Scud hubeba mafuta pamoja na kioksidishaji chake, maana linapokwenda hakuna hewa ya kuunguzia. Tomahawk inavuta hewa njiani kama ndege yoyote, na mabawa yanaibeba, kwa hiyo injini haina kazi ya kupigana na uzito wote. Gharama yake ni mwendo. Tomahawk inakwenda kama ndege ya abiria, Scud linashuka kwa zaidi ya kilomita moja na nusu kila sekunde.

Balistiki ya kuvuka mabara ipo, ni kweli, ila masafa si kitambulisho. Kitambulisho ni njia linayopita.

Nyundo_ya_Haki #4

Mbona hamsemi nani alianza? Semeni kwanza mko upande gani.

TandaleKwaTumbo #5

Nyundo, fungua uzi wako wa siasa, nitakuja kuchangia. Hapa tunaongelea namna vitu vinavyoruka.

Mkokotoaji, kwenye masafa nimenyoosha mikono. Lakini nipe njia yenyewe kwa namba, nataka kwenda nazo kijiweni.

Mkokotoaji #6

Chukua kilomita 1,500, kutoka ndani ya Iran mpaka Israel. Balistiki lililorushwa kwa pembe isiyopoteza nguvu hufika kilele cha takriban robo ya masafa yake. Hapo tunaongelea karibu kilomita 375, si mbali na kule kinakozunguka kituo cha anga za juu cha kimataifa. Kasi roketi inapozima ni karibu kilomita 4 kwa sekunde, na safari nzima ni dakika 10 mpaka 12. Kruzi kwa kilomita 800 kwa saa linahitaji karibu saa 2. Droni za aina ya Shahed, zinazokwenda chini ya kilomita 200 kwa saa, zinahitaji kama saa 8. Ndiyo maana usiku ule wa Aprili droni zilitangulia kuondoka, balistiki yakaondoka mwisho, ili vyote vifike pamoja.

Angalia kitu kimoja hapo. Balistiki linajitangaza. Moto wa roketi unaonekana na satelaiti tangu linapoondoka, halafu linapanda juu ambako rada ya mbali inaliona bila kizuizi. Likishazima, kompyuta inachora njia yote iliyobaki na kusema litaanguka wapi kabla halijafika nusu ya safari. Likielekea jangwani tupu, mlinzi analiacha. Shida ni kuligonga, maana linashuka kwa kasi ambayo kosa la sehemu ya 100 ya sekunde ni makumi ya mita.

NahodhaKilindini #7

Salaam. Sijawahi kuona kombora maishani mwangu, lakini rada nimeitazama miaka 22 baharini, na hapo penye kruzi nina la kusema.

Antena ya meli yangu iko kama mita 30 juu ya maji. Nikitoka mbali kuingia Mombasa, vilima vya Shimba vinajichora kwenye kioo mapema kabisa. Ngalawa ya mvuvi iliyo karibu zaidi kuliko vilima siioni. Haijajificha; ipo nyuma ya mgongo wa bahari. Wazee wetu walijua hili kabla ya rada: jahazi likija huanza tanga, chombo baadaye. Na hata ikitokeza, ngalawa ni mti, rada inairudishia mwangwi hafifu, kisha mawimbi nayo yanarudisha ya kwao. Usiku wenye matlai unaweza kuipita ngalawa usijue.

Sasa kombora linaloruka mita 50 juu ya ardhi ni ngalawa hiyo hiyo, ila lina kasi ya ndege.

BintiPangani #8

Nahodha, nimekupenda bure. Ngoja nikuwekee hesabu yake, inayotumika kwa rada yoyote:

```
d = 4.12 × (√h1 + √h2)
```

`d` ni kilomita, `h1` ni kimo cha antena na `h2` ni kimo cha kitu, vyote kwa mita. Rada iliyo mita 10 juu ya ardhi na kruzi lililo mita 50: unapata kilomita 42. Kwa kilomita 800 kwa saa hizo ni kama dakika 3 na sekunde 10, na hapo nimedhani ardhi ni tambarare kama meza. Weka kilima au mji katikati, zinapungua.

Sasa panda na rada kwenye ndege, mita 9,000. Hesabu ile ile inakupa kilomita 420. Umeongeza mara 10 bila kubadilisha kombora wala mlinzi. Hapo ndipo mifano miwili ya mleta uzi inapoachana. Aprili 2024 onyo lilikuwepo saa nyingi kabla, na ndege za Israel, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Jordan zilikuwa tayari kuzuia zinazokuja. Kruzi likishaonekana, ndege ya kivita inalifukuza na kulipiga kutoka juu. Abqaiq hakukuwa na onyo.

Kwa hiyo kijiwe chote mko sahihi nusunusu. Balistiki ni rahisi kuliona na gumu kulipiga. Kruzi ni gumu kuliona na rahisi kulipiga.

DohaKwaSasa #9

Wakuu, mimi ni mlinzi wa lango huku Doha, mwaka wa nne sasa. Juni 23, 2025 nilikuwa zamu ya jioni. Anga lilikuwa limefungwa kwa ndege tangu mapema kidogo, tukashangaa tu ukimya. Mara nikaona taa zinapanda upande wa Al Udeid, kambi ya Wamarekani, mbili mbili, zinapinda angani kama zinatafuta kitu. Halafu mwanga juu, kimya. Nikaanza kuhesabu bila kujua kwa nini nahesabu. Nilifika 50 na kitu ndipo mshindo ukaja, vioo vya kibanda vikatikisika.

Nilimpigia mama Tanga nikamwambia niko salama kabla hajaona habari. Mikono ilikuwa inatetemeka, sioni aibu kusema.

Ninachouliza: kwa nini mbili mbili? Moja halikutoshi?

Mkokotoaji #10

Pole sana ndugu, na asante kwa kuhesabu. Sauti inachukua karibu sekunde 3 kwa kilomita, kwa hiyo ulichokiona kilipasuka kilomita 17 hivi kutoka ulipo. Hapo ndipo Patriot hufanyia kazi, sehemu za mwisho kabisa za safari ya balistiki. Ipo mitambo inayowahi zaidi: Arrow 3 ya Israel inaligonga nje ya angahewa, THAAD inaligonga kati ya kilomita 40 na 150 juu. Patriot ni kama kipa. Mabeki wakipitwa, yeye ndiye amebaki.

Mbili mbili ni kwa sababu hakuna muda wa kurusha moja, kutazama kama limepata, kisha kurusha la pili. Tuseme moja lina nafasi 8 kati ya 10 za kupata. Mawili yanakupa 96 kati ya 100.

Siku ile Marekani ilisema Iran ilirusha makombora 14, yakadunguliwa 13, na moja likaachwa kwa kuwa halikuwa linaelekea pabaya. Baadaye wakakubali kwamba moja lilipiga ndani ya kambi, na picha za satelaiti zilionyesha kuba la mawasiliano limetoweka. Kama ndilo lile lililoachwa au ni jingine, kila mtu anasema lake.

BintiPangani #11

Hiyo 96 inasimama tu kama kosa la la kwanza halina undugu na kosa la la pili. Wakikosea wote kwa sababu moja, hata urushe 10 ni bure.

Mimi ni mwandishi wa programu, na kuna kisa kimoja kila anayeandika programu za mitambo angepaswa kukijua. Dhahran, Saudia, Februari 25, 1991, vita vya Ghuba. Scud la Iraq liliangukia bweni la wanajeshi wa Marekani, wakafa 28. Patriot ilikuwepo, ilikuwa imewashwa, na haikurusha kitu.

Saa ya mtambo ilihesabu muda kwa vipande vya sehemu ya 10 ya sekunde. Sasa 0.1 kwenye namba za kompyuta haina mwisho, kama ilivyo moja ya tatu kwetu, 0.333 unaandika mpaka uchoke. Mtambo ulikuwa na nafasi ya biti 24, ukaikata hapo. Kilichopotea kila kipande ni sekunde 0.000000095. Nani angejali? Lakini mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, yaani vipande 3,600,000. Zidisha: sekunde 0.34.

Patriot ikishaliona kombora mara ya kwanza, inakisia litakuwa wapi muda mfupi baadaye na kufungua kijidirisha pale tu. Scud la kasi ya mita 1,700 kwa sekunde, ukikosea sekunde 0.34, dirisha linafunguka karibu mita 580 pembeni. Rada ikatazama anga tupu, haikuona kitu, ikaamua mwangwi wa kwanza ulikuwa wa uongo. Ikaufuta.

FundiMajokofu #12

Binti, hapo sijakuelewa, na sitaki kuitikia tu. Kama saa inachelewa, inachelewa kwa kila kitu. Saa yangu ya ukutani ikiwa nyuma dakika 5, bado mechi ya dakika 90 naipima sawasawa. Tofauti ya muda haibadiliki.

BintiPangani #13

Swali zuri kuliko yote humu, na kama ingekuwa ulivyosema watu wale wangekuwa hai. Programu ilikuwa imeshawahi kurekebishwa ili ibadili muda kwa usahihi zaidi, ila rekebisho liliwekwa sehemu baadhi tu za programu. Kwa hiyo wakati mmoja ulisomwa kwa saa nzuri, wa pili kwa saa mbovu, na kimoja kikatolewa kwenye kingine. Ni sawa na kuanza mechi kwa saa ya ukutani na kuimaliza kwa saa ya simu.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Waisraeli waligundua kasoro baada ya kuwasha mtambo saa 8 tu mfululizo, wakawaambia Wamarekani Februari 11. Vikosi vikaonywa visiache mtambo uwake "muda mrefu sana", bila kuambiwa mrefu ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungetosha. Programu mpya ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo.

Mkokotoaji #14

Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani inasema dirisha lilihama mita 687, si 580. Hesabu yako ya kuzidisha ni sahihi kwa kasi uliyoweka; tofauti inaonyesha wao walitumia kasi kubwa zaidi. Kwa vyovyote Scud lilikuwa nje ya dirisha.

Lakini nina wasiwasi na hitimisho la "saa ingekuwa nzima wangepona". Iraq ilikuwa imeyarefusha yale makombora yafike zaidi ya kilomita 600, mara mbili ya Scud-B. Bati halikuhimili. Yakirudi kwenye hewa nzito yalikuwa yanapinda kama parafujo na kukatika vipande, Patriot inafuata tangi kichwa kinapita pembeni. Jeshi la Marekani lilitangaza mafanikio makubwa wakati wa vita, halafu Theodore Postol wa MIT akazipitia video, akasema vichwa vilivyoharibiwa hakika ni karibu sifuri. Mpaka leo pande hizo hazijapatana.

ThikaRoad #15

Tumesahau Abqaiq ama? Mnasema ni mgongo wa dunia, mimi nasema ni uso. Rada ya Patriot ya wakati huo haizunguki kama ya meli ya nahodha. Inatazama mbele tu, karibu theluthi moja ya duara. Saudia ilikuwa inangoja makombora kutoka Yemen, kusini. Kulingana na Saudia na Marekani, yale yalikuja kutoka kaskazini. Wahouthi wakasema ni wao, Iran ikakana kuhusika. Lakini ukishamwekea kipa mgongo, usimlaumu macho.

NahodhaKilindini #16

Kijana, hoja yako ina uzito, ila jiulize: wangeugeuza mtambo uso wa kaskazini siku ile, wangepata nini? Dakika zile 3 za Binti. Ndani yake mtu atambue kwamba si ndege ya kampuni ya mafuta, amwamshe mkubwa, apate ruhusa. Mimi nikiona alama ngeni kwenye kioo, dakika ya kwanza yote inaisha nikijiuliza kama ni chombo au ni mvua.

Wasaudi walionyesha mabaki ya droni 18 na kruzi 7, na wakasema kruzi 3 kati ya hizo zilianguka kabla ya kufika Abqaiq. Hazikudunguliwa, zilifeli zenyewe.

ThikaRoad #17

Dakika 3 ni nyingi kama askari anajua kinachokuja. Hawakujua kwa sababu hawakuwa wanatazama huko. Bado nashikilia.

TandaleKwaTumbo #18

Nimetoka kijiweni. Hesabu ya rada imewanyamazisha wote, Binti ubarikiwe. Ila jamaa naye akaja na silaha mpya: Oktoba 1, 2024. Iran ilirusha balistiki matupu, kama 180, bila droni wala kruzi, na wachambuzi wa picha za satelaiti wakahesabu mapigo zaidi ya 30 Nevatim. Miezi michache tu baada ya Aprili. Walinzi wale wale. Ilikuwaje?

FundiMajokofu #19

Wingi. Kipa mmoja, mipira 30 kwa wakati mmoja. Hana mikono ya kutosha.

BintiPangani #20

Au waliyaacha makusudi. Kama alivyosema Mkokotoaji #6, njia ikijulikana unajua litaangukia wapi. Kati ya njia ya kurukia ndege inayozibwa kwa lami siku ya pili na mtaa wa watu wa Tel Aviv, kombora la kudungulia unalipeleka wapi?

Mkokotoaji #21

Yote mawili yanawezekana, na kuna la tatu nililoahidi kulirudia. Iran inasema baadhi ya makombora yake mapya, kama Kheibar Shekan, yana kichwa kinachogeuka linaposhuka. Kama ni kweli, ule utabiri wa njia unafika mwisho wake pale hewa nzito inapoanza. Arrow 3 halijali, maana linagonga juu kabla mapezi hayajapata hewa ya kushika. Lakini likilipita hilo, anayesubiri chini anakuwa na sekunde chache za kufuata kitu ambacho hakianguki tena kama embe la Fundi.

Ila lile lililogeuka na lile lililoachwa yanachimba shimo la aina moja. Kwa picha ya satelaiti peke yake huwezi kuyatofautisha.

DohaKwaSasa #22

Mkokotoaji, nimekumbuka kitu. Ile jioni moja kati ya zile taa ilipanda, ikageuka ghafla kwa pembe kali, ikapasuka bila kukutana na kitu chochote ninachokijua. Wenzangu walisema ni hitilafu. Sasa sijui kama ilikuwa imekosa, au lilikuwa la pili la ile jozi na lile la kwanza limeshafanya kazi.

Mkokotoaji #23

Ulihesabu sekunde ngapi kati ya mwanga wa kwanza na huo?